Mekapu ya kudumu haitoki kwa sabuni: kuosha kwa mafuta kwanza kisha sabuni ya maji, ni lazima kila siku?

Tausi_Tabata
Habari za jioni wapendwa. Naomba msaada kwa wanaojua mambo ya ngozi. Kazi yangu ni kusoma taarifa kwenye televisheni, kwa hiyo Jumatatu hadi Ijumaa nakaa na mekapu kuanzia saa 10 jioni mpaka karibu saa 5 usiku. Taa za studio zina joto, ndiyo maana mpambaji wetu anatumia faundesheni ile iliyoandikwa inakaa saa 24, poda juu yake, sprei ya kushikiza, na maskara isiyotoka kwa maji. Nikirudi nyumbani naosha uso kwa sabuni ya kipande mara mbili, siku nyingine tatu. Bado nikijifuta taulo jeupe linabaki na ukahawia, hasa kwenye mpaka wa nywele na chini ya taya. Na sasa mashavu yameanza kuwasha kila nikipaka losheni. Nasikia kuna kuosha kwa mafuta kwanza halafu sabuni ya maji. Ngozi yangu ni ya mafuta, naogopa kuongeza mafuta juu ya mafuta. Inahitajika kweli? Na ni kila siku?

Mwanaidi_Bububu
Dada Tausi, kuosha mara mbili ni kawaida tu, asubuhi na usiku. Mimi ndivyo ninavyofanya toka niko shule na uso wangu hauna shida. Hizo mara tatu ndizo zinazokuumiza.

Tausi_Tabata
Asante Mwanaidi. Ila nilimaanisha mara mbili kwa mpigo, usiku uleule: mafuta, suuza, kisha sabuni.

Mpambaji_Kinondoni
Tausi, pole na mashavu. Mimi napamba maharusi, na kila baada ya wikiendi ya harusi napigiwa simu na bibi harusi au wapambe wake wakiuliza hilihili, kwa hiyo niruhusu nieleze kwa kirefu kidogo.

Faundesheni nyepesi ya kila siku inatoka kwa sabuni laini ya uso, haina haja ya mafuta. Ya kudumu imetengenezwa vingine. Ndani yake mna silikoni na utomvu, vimeyeyushwa kwenye kimiminika kinachopaa haraka. Ukishapaka, kimiminika kinapaa na kuacha utando mwembamba usoni, rangi ikiwa imenaswa ndani yake. Ndiyo maana unatoka jasho na haitiririki, unapokea simu na haigandi kwenye kioo. Utando huo hauyeyuki kwa maji. Ni kama rangi ya mafuta ya ukutani ikikurukia mkononi: unaweza kusugua kwa maji na sabuni mpaka ngozi iwe nyekundu, lakini kwa mafuta ya taa inaachia mara moja.

Sasa tazama unachofanya. Sabuni ya kipande kwa kawaida ina pH ya 9 hadi 10, na ngozi ya uso iko karibu na 5. Ukiosha mara ya kwanza inaondoa mafuta ya asili ya ngozi pale palipo wazi, na utando wa mekapu inauondoa vipande vipande. Ya pili na ya tatu hivyohivyo. Unamaliza ukiwa na mekapu pembeni na mashavu yaliyokauka katikati. Kuwasha huko nina hakika kunatoka kwenye sabuni na kusugua, si kwenye faundesheni.

Kwa hiyo jibu langu: kwa usiku ule unaotoka studio, ndiyo, anza na mafuta. Kwa Jumamosi uliyokaa nyumbani bila mekapu, hapana. Mara moja kwa sabuni laini, umemaliza.

Bi_Shufaa_Nyali
Salaam kutoka Mombasa. Mwanangu, usihangaike na machupa ya bei. Mafuta ya nazi yatosha. Sisi tulitolewa mapambo ya harusi kwa mafuta ya nazi na kitambaa, na nyuso zetu mpaka leo ni laini. Wanja, rangi ya mdomo, yote yatoka.

Mpambaji_Kinondoni
Shikamoo Bi Shufaa. Ni kweli kabisa, nazi inalainisha mekapu vizuri, hata hii ya kudumu. Tatizo linakuja kwenye kuitoa yenyewe. Mafuta matupu hayashikani na maji, kwa hiyo ukisuuza yanateleza juu ya ngozi na rangi iliyolainika inabaki humo humo. Hicho kitambaa ulichokitaja ndicho kilichokuwa kinafanya kazi ya pili. Mafuta yanayouzwa kwa kusafishia uso yamechanganywa na kitu kinachoyafanya yakubali maji. Kwenye orodha ya viambato mara nyingi utaona jina linaloanza na PEG.

Kuna jaribio rahisi la kujua. Weka tone kiganjani, ongeza matone machache ya maji, zungusha kwa kidole. Yakigeuka meupe na mepesi, yatasuuzika. Yakibaki vitone vya mafuta vinavyokimbizana, hayo ni ya kufuta kwa kitambaa, si ya kusuuza.

Bi_Shufaa_Nyali
Marahaba mwanangu. Kitambaa chetu kilikuwa cha pamba, kimechovywa maji ya moto na kukamuliwa. Nimekuelewa. Lakini asiye na pesa ya chupa, nazi na kitambaa bado ni njia, hilo silirudishi.

Mpambaji_Kinondoni
Wala sikupingi. Kwa asiye na vipele, nazi, kisha kitambaa laini cha uvuguvugu bila kusugua, kisha sabuni laini, inafanya kazi. Ninaowakataza ni wenye chunusi au vipele vidogo vya kuwasha.

Jestina_Njiro
Mimi naona kila mtu angefanya kila usiku, mwenye mekapu na asiye nayo. Wakorea na Wajapani wanafanya hivyo na tunaziona ngozi zao. Uso unakusanya vumbi, moshi wa bodaboda, jasho, mafuta ya jua. Sabuni moja haitoshi. Na ndiyo dawa ya chunusi, maana inasafisha vinyweleo mpaka ndani.

Mpambaji_Kinondoni
Jestina, njia yenyewe kweli ilipata nguvu Japani. Mpambaji Shu Uemura alitoa mafuta yake ya kusafishia mwaka 1967, na wateja wa mwanzo wa aina hiyo ya mafuta walikuwa watu wa mekapu nzito. Vumbi na jasho havihitaji mafuta, sabuni laini moja inavitoa. Na hapo kwenye chunusi naomba tusiwadanganye watu. Kuondoa mekapu yote usiku kunamsaidia mwenye chunusi, lakini chunusi inaanzia ndani ya kinyweleo, na uoshaji peke yake hauifikii. Nimeona wasichana wanaongeza kuosha kila chunusi inapoongezeka, wanaishia na uso unaobanduka na chunusi zipo palepale.

Tausi_Tabata
Nimewaelewa. Mpambaji, naomba uniandikie namna ya kufanya, kwa sababu kila video inasema lake. Nianze na nini?

Mpambaji_Kinondoni
Anza na mikono. Nawa, kisha ikaushe kabisa. Uso pia uwe mkavu, usiuloweshe kwanza. Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa sababu mazoea ya sabuni yanatufundisha kurowanisha. Mafuta yakikutana na maji mapema yanaanza kuungana na maji badala ya kuingia kwenye mekapu.

Pampu 2 au 3, kama kijiko kimoja cha chai hivi, yatosha uso mzima. Ukiona vidole vinakwaruza badala ya kuteleza, yameisha, ongeza. Pitisha kwa ncha za vidole kwenye mashavu, paji, kidevu, kisha uende pale ulipolalamikia: mpaka wa nywele, mbele ya masikio, chini ya taya, pembeni ya pua. Dakika moja, bila kukandamiza. Utaona rangi inaanza kusambaa na kuwa tope usoni, hiyo ndiyo dalili kwamba utando umeachia. Macho yawe ya mwisho. Funga jicho, weka kidole chenye mafuta juu ya kope, subiri kidogo, kisha shusha taratibu kufuata kope zilivyoota. Usizungushe.

Halafu inakuja hatua inayorukwa. Kabla ya kusuuza, lowesha vidole kwa maji ya uvuguvugu na urudi kupitisha uso mzima. Mafuta yatageuka meupe. Lowesha tena, pitisha tena. Weupe ukishaenea kila mahali ndipo usuuze kwa maji mengi.

Sabuni ya maji, ile hatua ya pili, kazi yake ni kuondoa mabaki ya mafuta, siyo kutafuta mekapu nyingine. Kiasi cha punje ya njegere, nusu dakika, suuza. Chagua isiyo na manukato makali na isiyoacha uso ukibana. Uso ukibana baada ya kuosha, sabuni hiyo ni kali kwako hata kama imeandikwa laini.

Kile kipande kiache cha mwili.

Neema_Kigamboni
Naomba niingilie, labda itamsaidia mtu. Mimi natumia maji ya kisima, yana chumvi. Kila sabuni ya kipande inaacha kitu kama utando mweupe kwenye beseni, na usoni nahisi hivyohivyo, uso hautakati vizuri kamwe. Nilidhani ni mekapu inabaki, kumbe hata siku nisizopaka iko vilevile. Je, hayo mafuta yatafanya kazi kwenye maji yetu?

Mfamasia_Moro
Neema, umegusa jambo ambalo watu wengi hawalioni. Maji ya visima vingi vya pwani yana madini mengi. Sabuni ya asili, ile ya kipande, ikikutana na kalsiamu na magnesiamu inatengeneza mabaki meupe yasiyoyeyuka, ndiyo huo utando kwenye beseni. Yanaganda kwenye ngozi vilevile, na mtu anaendelea kusugua akidhani ni uchafu.

Sabuni nyingi za maji za uso hazitengenezwi kwa njia ya sabuni ya kipande, kwa hiyo hazileti mabaki hayo. Mafuta ya kusafishia nayo hayasumbuliwi sana na maji magumu, maana kile kinachoyaunganisha na maji kwa kawaida hakina chaji ya umeme. Weupe utauona. Ukitaka, suuza ya mwisho fanya kwa maji ya mvua au ya kunywa, kikombe kimoja kinatosha.

Tausi, na wewe ungejiuliza maji yako ni ya wapi.

Tausi_Tabata
Ya kisima! Tabata yetu mabomba yanatoka kwa zamu, tuna kisima cha jirani. Sikuwahi kuliunganisha hilo na uso.

Na kuna swali jingine: nitajuaje kwamba ukahawia wa kwenye taulo ni mekapu na siyo ngozi?

Mpambaji_Kinondoni
Swali zuri sana hilo, hasa kwetu wenye ngozi nyeusi. Siku ambayo hukupaka chochote, osha kama kawaida, kisha jifute kwa taulo lilelile na kwa nguvu ileile. Ukahawia ukitokea na siku hiyo, basi si mekapu. Ni seli za juu za ngozi zilizokufa, zina rangi yetu, na ukisugua zinatoka. Watu wanazifukuza kwa pamba na pombe kila usiku mpaka wanajichubua, na haziishi kwa sababu ngozi inatengeneza nyingine. Ukahawia ukitokea siku za mekapu tu, na ukiwa umekaa kwenye mpaka wa nywele, hiyo ni faundesheni.

Juma_Chang'ombe
Samahani, mimi ni mwanaume na sipaki mekapu, ila nacheza mpira mchana na napaka mafuta ya jua yale yasiyotoka kwa jasho. Usiku nikiosha, maji yanaruka usoni kama kwenye jani la mgomba. Hii njia inanihusu?

Jestina_Njiro
Inakuhusu kabisa kaka Juma, ndicho nilichokuwa nasema.

Mpambaji_Kinondoni
Hapa Jestina ana hoja. Mafuta ya jua yasiyotoka kwa maji nayo yanaacha utando. Lakini mimi ningemwambia Juma ajaribu kwanza sabuni laini moja, aikalishe usoni karibu dakika nzima badala ya sekunde chache tunazozoea. Maji yakiacha kuruka, hana haja ya chupa ya pili.

Jestina_Njiro
Na mimi ningemwambia aanze na mafuta siku za mechi. Kuikalisha sabuni dakika nzima nako kunakausha, dada. Kipi bora, mafuta kidogo na sabuni fupi, au sabuni ndefu?

Mfamasia_Moro
Inategemea sabuni na ngozi yake. Mwenye ngozi kavu ningemwelekeza alikosema Jestina. Juma, jaribu yote mawili, kila moja wiki yake, utuletee majibu.

Zainabu_Tanga
Nina kope za kubandika moja moja za saluni. Aliyenibandika alinikataza mafuta yoyote karibu na macho, anasema gundi inaachia. Na nina harusi ya dada yangu, nitapambwa mekapu nzito. Nifanyeje?

Mpambaji_Kinondoni
Zainabu, mfuate aliyekubandika. Mafundi wengi wanasema hivyo, na kope zile ni ghali, sioni sababu ya kuzibahatisha. Uso fanya kwa mafuta kama nilivyoeleza, ila yaishie kwenye mfupa chini ya jicho. Kope zenyewe na wanja, tumia maji ya maisela, yale ya kufutia mekapu, yasiyo na mafuta, kwa kijiti cha pamba badala ya pamba pana, kisha suuza. Mwambie na mpambaji asikupake maskara isiyotoka kwa maji juu ya kope hizo. Hazihitaji maskara, na kuitoa ndiko kunakozing'oa.

Nimekumbuka pia: kuna maskara inayotengeneza vijiganda vyembamba kuzunguka kila kope. Hiyo mafuta hayaifanyi kitu. Inataka maji ya uvuguvugu, unaibonyeza taratibu inateleza nzimanzima kama vijiti vidogo vyeusi. Mtu akiona mafuta yamegoma kwenye macho tu, aangalie kwanza kama maskara yake ni ya aina hiyo kabla ya kusugua.

Tausi_Tabata
Wapendwa nimerudi. Nimenunua mafuta ya kusafishia pale Kariakoo, nimeyajaribu kiganjani kwanza yakageuka meupe, nikafuata maelekezo. Taulo limebaki jeupe chini ya taya, sikuamini. Kwenye mpaka wa nywele bado pana ukahawia kidogo. Lakini mambo mawili yananisumbua. Macho yanakuwa na ukungu kwa muda baada ya kuosha, naona taa zina duara. Na uso nahisi unateleza hata baada ya sabuni ya pili, nimelazimika kuosha ya tatu.

Mpambaji_Kinondoni
Hongera kwa hilo la taya. Ukungu ni mafuta yameingia jichoni. Si hatari kwa kawaida, yanatoka yenyewe, ila maana yake unatumia mengi machoni au unafungua jicho kabla ya kusuuza. Machoni tumia yaliyobaki kwenye vidole, usipampu upya. Jicho likiuma au kuwa jekundu, acha bidhaa hiyo.

Kuhusu kuteleza, nieleze: ulipoongeza maji, ulilowesha vidole, au uliinamia bomba ukajimwagia?

Tausi_Tabata
Nilijimwagia kwa kata. Nilikuwa nimechoka, saa 6 usiku.

Mpambaji_Kinondoni
Basi ni hapo hapo. Maji mengi kwa ghafla yanasukuma mafuta pembeni kabla hayajaungana nayo. Yanakimbilia kwenye mpaka wa nywele, na huko ndiko umebaki na ukahawia. Leo usiku chukua maji kwa vidole tu, zunguka uso mara mbili tatu mpaka pasiwe na sehemu inayong'aa kwa mafuta, uanzie kwenye mpaka wa nywele. Ndipo kata. Na funga nywele kwa kitambaa, mafuta ya nywele nayo yanashuka pale na kukuchanganya.

Ile ya tatu usiirudie. Uso ukiteleza baada ya sabuni ya pili, rekebisha hatua ya maji.

Neema_Kigamboni
Na mimi nitoe ripoti. Nimeacha kipande, natumia sabuni ya maji pekee, sipaki mekapu ya kudumu. Ule utando umeisha. Mafuta sijanunua na sidhani kama nayahitaji.

Mpambaji_Kinondoni
Huyahitaji kabisa, Neema.

Rehema_Mbagala
Mimi niliwahi kutumia mafuta ya kusafishia nikatoka vipele vidogo vidogo paji lote, vyote vinalingana, vinawasha nikitoka jasho. Nikaacha, vikapungua lakini havijaisha. Hii ni chunusi au nini?

Mfamasia_Moro
Rehema, vipele vinavyolingana, vinawasha na viko paji la uso mara nyingine ni fangasi wa kwenye vinyweleo, wanaopenda mafuta ya aina fulani na jasho. Dawa za chunusi haziwasaidii wenye tatizo hilo. Lakini kwa maelezo tu siwezi kukuhakikishia, inaweza kuwa mafuta ya nywele, inaweza kuwa manukato ya ile bidhaa. Nenda kwa daktari wa ngozi avione. Kwa sasa achana na nazi na mafuta ya zeituni usoni.

Rehema_Mbagala
Asante. Ila kazini navaa mekapu ya kudumu kama Tausi. Naitoaje bila mafuta?

Mpambaji_Kinondoni
Rehema, mpaka umwone daktari, ningekushauri ushushe mekapu yenyewe. Faundesheni nyepesi, poda kidogo, bila sprei ya kushikiza. Hiyo itatoka kwa maji ya maisela kisha sabuni laini. Pamba iloweshe sana, ikalishe juu ya ngozi kwa muda, ndipo uivute. Kwa ya kudumu sina njia ninayoiamini kwa mtu mwenye vipele vya aina yako. Mfamasia?

Mfamasia_Moro
Wengine wanatumia mafuta ya madini, yaani yale ya watoto yasiyo na manukato, kwa kuwa fangasi hao hawali mafuta ya aina hiyo, kisha wanafuta na kuosha. Kinadharia inakaa sawa. Nisingemwambia aanze kabla vipele havijaangaliwa.

Tausi_Tabata
Nimefanya kwa vidole kama ulivyosema, na nywele nimefunga. Mpaka wa nywele umetoka, macho hayana ukungu, sabuni ya pili imetosha. Mashavu bado yanawasha kidogo nikipaka losheni ila si kama mwanzo. Swali la mwisho: ile lipstiki ya maji inayokauka, inabaki kwenye mikunjo ya mdomo hata baada ya mafuta.

Mpambaji_Kinondoni
Mashavu yape muda, wiki kadhaa bila kipande. Lipstiki ile inataka kukaa na mafuta. Ipake mafuta mwanzo kabisa, kabla hujagusa uso, uendelee na mashavu na paji, ukirudi mdomoni itakuwa imelainika. Ifute kwa kitambaa chenye unyevu kutoka pembeni kwenda katikati. Ikibaki kidogo kwenye mikunjo, iache, itatoka kesho ukipiga mswaki.